Kumi, na Kimoja cha Akiba

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Wilhelmina Mayala alifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi pale Mabatini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia darasani na hofu. Ngeli alizijua kama vyumba vya nyumba yake. Mtoto akisema "kitabu yangu" mbele yake, alishtuka kama mtu aliyekanyaga msumari. Na wale waliozoea kusema wanakwenda "kurara", aliwasimamisha na kuwarudishia herufi ya l mahali pake, taratibu, bila kuwacheka, maana hata yeye alipokuwa mdogo kule Magu alikuwa akirara.

Hisabati ndiyo iliyomshinda. Sokoni alihesabu vizuri tu kama watu wengine, lakini namba zikipangwa ubaoni moyo ulimwenda mbio. Mwenyewe alikuwa akisema, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kwamba Mungu alipomuumba alimjaza maneno mpaka nafasi ya namba ikakosekana.

Basi fikiria hali yake siku ile mwalimu mkuu, Mwalimu Yeremia, alipomwita ofisini na kumwambia kwamba Mwalimu Jonathan wa Hisabati amepata uhamisho, na kwamba darasa la sita limebaki bila mtu.

"Mwalimu mkuu, mimi?" alisema Wilhelmina. "Mimi ni wa Kiswahili."

"Na hao watoto wanaongea lugha gani? Si Kiswahili hichohicho?"

"Nitawaharibu, baba."

"Utawaharibu vipi, na wewe ndiye mwalimu wanayempenda kuliko wote? Ni muhula mmoja tu, mpaka tuletewe mtu. Jonathan amekuachia daftari lake, kila kitu kimo humo."

Huwezi kubishana na mtu anayekusifu huku akikutwisha mzigo. Wilhelmina akalichukua daftari, akalikumbatia na kutoka nalo.

Lilikuwa daftari gumu la kurasa nyingi, limepakaa chaki na madoa ya uji, maana Mwalimu Jonathan alikuwa na kawaida ya kuandaa masomo huku akinywa uji. Ndani yake, sehemu iliyoandikwa MBINU ZA HARAKA, Wilhelmina aliona kitu kilichomfurahisha. Kuzidisha kwa 11, aliandika Jonathan: tanua tarakimu mbili, jumla yake weka katikati. Kwa hiyo 23 mara 11, unatanua 2 na 3, katikati unaweka 5, unapata 253. Na 45 mara 11 ni 495. Na 62 mara 11 ni 682. Wilhelmina akazijaribu zote kwa njia ndefu, huku mlango wa chumba cha walimu ukiwa umefungwa ili asionekane. Zote zikakubali. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekuta geti alilokuwa akiliogopa halijafungwa.

Siku iliyofuata aliingia darasa la sita na kuwapa watoto mbinu hiyo. Walikuwa sabini na tisa, watatu kwa kila dawati, wengine wanne. Wakaipokea kwa shangwe. "34!" anaita Wilhelmina. "374!" wanajibu kabla hajashusha mkono. "81!" "891!" Mwalimu wa darasa la jirani alichungulia dirishani kuona kuna sherehe gani. Wilhelmina alijisikia mwepesi, akajiambia kumbe miaka yote hii amekuwa akitishwa na kivuli.

Akawapa maswali kumi ya kufanya. Tisa aliyatoa kwenye daftari la Jonathan. La kumi alilitunga mwenyewe, na namba aliyoitia ilikuwa ile iliyomzunguka kichwani wiki ile nzima, sabini na nane. Kwaya za parokia zilikuwa zinaungana kwa ajili ya tamasha, na majoho yaliyoagizwa yalikuwa sabini na nane, na yeye ndiye aliyekuwa katibu. Kwa hiyo swali la kumi likawa 78 mara 11. Akatengeneza majibu ya kusahihishia kwa mbinu ileile. Saba na nane, jumla kumi na tano, weka katikati. 7158.

Najua wewe umeshtuka. Yeye hakushtuka. Mtu aliyezoea kuogopa namba hazitazami usoni, anazipokea kama zilivyo na kupita upesi.

Madaftari sabini na tisa yakaja mezani kwake. Swali la kumi, 7158, vema. 7158, vema. 7158, vema. Mpaka akafika kwenye daftari la Mboni Bashiru, binti anayekaa dawati la dirishani, na pale akakuta 858. Wilhelmina akaweka mkasi mkubwa mwekundu, ile alama ya kukosa, na chini yake akaandika: Fuata mbinu.

Mboni alikuwa mtoto wa kunyoosha mkono. Daftari lilipomrudia alinyoosha.

"Mwalimu, mimi nimepata mia nane hamsini na nane."

"Nimeona. Hukufuata mbinu."

"Lakini mwalimu, vifungo…"

"Vifungo gani tena? Hiki ni kipindi cha Hisabati, siyo cha ushonaji. Mbinu ni mbinu, Mboni. Kaa chini."

Darasa likacheka. Watoto hawacheki kwa ubaya, wanacheka kwa sababu mwenzao amekalishwa na wao hawajakalishwa. Mboni akakaa, akafunga daftari na kuweka mikono juu yake. Siku ya pili hakunyoosha mkono, wala ya tatu. Wilhelmina aliona, na mwalimu mzuri akiona kitu kama hicho hakosi kukosa raha kidogo, ila alijiambia mtoto amenuna tu, itapita.

Jumamosi alikwenda Mkuyuni kupimwa joho.

Fundi alikuwa Fadhila, mama yake Mboni, mwenye cherehani tatu katika chumba kimoja kinachotazamana na soko. Fadhila ni Mwislamu wa kuzaliwa, na hakuna fundi mjini anayeshona majoho ya kwaya kumshinda. Wanakwaya wenyewe walisema kola zake ndizo zinazowafanya waimbe shingo juu.

"Shikamoo mwalimu! Karibu, karibu. Mboni, mwalimu wako huyu, umpishe kiti."

"Marahaba, Mama Mboni. Habari za kazi?"

"Nzuri, mwalimu. Kazi ndiyo kama unavyoiona, imenifika hapa," akasema Fadhila, akionyesha shingo.

Mboni alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, mbele yake sinia lililojaa vifungo vyeupe. Alisema shikamoo bila kuinua uso, akasogeza kiti kwa mkono mmoja, akarudi kwenye sinia lake. Alikuwa anavipanga vifungo mafungu mafungu. Wilhelmina akatazama, na kwa kutaka tu kuvunja ukimya akauliza:

"Vifungo vyote hivi vya nini?"

Mama yake akajibu kwa niaba yake, pini mdomoni.

"Vya majoho yenu. Kila joho vifungo kumi kwa mbele, na kimoja cha akiba nakishonea ndani ya pindo. Kikidondoka kimoja siku ya tamasha, mtu asihangaike. Marehemu mama yangu ndivyo alivyonifundisha, nguo isitoke kwa fundi bila akiba."

"Kwa hiyo ni kumi na kimoja kila joho."

"Kumi, na kimoja cha akiba. Majoho sabini na nane. Vya mbele ni mia saba themanini, vya akiba sabini na nane. Jumla mia nane hamsini na nane. Mboni ndiye aliyenipigia hesabu, nikaenda kununua, na vimetosha kamili. Mwalimu, nyoosha mkono nikupime."

Wilhelmina alinyoosha mkono, lakini mkono ulikuwa mzito. Mia nane hamsini na nane. Sabini na nane mara kumi na moja. Vifungo, mtoto alikuwa amesema, mwalimu, lakini vifungo. Ingekuwa jibu lake yeye ndilo sahihi, Fadhila angenunua vifungo elfu saba mia moja hamsini na nane, na duka zima lisingekuwa na pa kukanyaga.

Akamtazama Mboni. Mboni alikuwa ameinama zaidi, kama anayeogopa kugombezwa kwa kosa la mama yake kusema jibu.

Na hapo ndipo Magu ilipomrudia Wilhelmina. Darasa la tano. Mwalimu mmoja mrefu aliyewauliza sita mara kumi na nane, na yeye, Wilhelmina mdogo, akajibu mia moja na nane. Umepataje? Nimefanya sita mara ishirini nikapunguza kumi na mbili. Nani kakufundisha hivyo? Viboko vinne vya mkononi, kwa kutofuata njia ya ubaoni. Alikuwa ameisahau siku hiyo kabisa. Aliyokuwa anaikumbuka ni hofu tu, na akadhani alizaliwa nayo. Kumbe jibu lake lilikuwa sahihi. Aliirudia hesabu ile akiwa amesimama mbele ya Fadhila, mikono ameitanua, na machozi yakamlengalenga.

"Nimekuchoma na pini, mwalimu?" akauliza Fadhila.

"Hapana, Mama Mboni. Endelea tu."

Jioni ile alilifungua daftari la Jonathan upya, na sasa alilitazama kama anavyotazama insha ya mtoto mwerevu, neno kwa neno. Aligundua kwamba baada ya ukurasa wa mbinu ya kumi na moja kulikuwa na kurasa mbili zilizogandana kwa uji. Akazibandua kwa kisu cha mezani. Ndani yake Jonathan alikuwa ameandika, akapigia mstari mara mbili: ANGALIZO. Jumla ikizidi tisa, BEBA.

Usiku huo Wilhelmina angeweza kumlaumu Jonathan na uji wake. Lakini uji haukumkataza kumsikiliza mtoto. Alilala akilijua hilo, na halikumpa usingizi mwingi.

Jumatatu alipoingia darasani hakuandika tarehe. Alisimama katikati ya ubao.

"Wiki iliyopita niliwafundisha kosa," alisema. "Swali la kumi. Niliwapa vema sabini na nane ambazo hazikustahili, na mkasi mmoja ambao haukustahili. Aliyepata ni Mboni peke yake. Aliyekosa ni mimi."

Watoto hawakuwa wamewahi kusikia sentensi ya namna hiyo kutoka kwa mtu mzima, na baadhi walitazama mlangoni kuona kama mwalimu mkuu yupo.

"Sasa sikilizeni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nitawafundisha kwa Kiswahili. Hii namba inaitwaje?" Akaandika 11.

"Kumi na moja!"

"Hiyo 'na' ni aina gani ya neno?"

"Kiunganishi!"

"Inaunganisha nini na nini?"

Pakawa na manong'ono. "Kumi… na moja," akasema Obedi wa dawati la mbele, polepole, kama anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

"Haya. Basi sabini na nane mara kumi, na sabini na nane mara moja." Akaandika 780, na chini yake 78, amezipanga vizuri, mamoja chini ya mamoja. "Mamoja ni nane peke yake, hana mwenzake. Makumi wamekutana wawili, nane na saba, ndiyo ile jumla tunayoweka katikati. Mamia ni saba peke yake. Mnaona mbinu inakotoka? Lakini nane na saba ni kumi na tano, na chumba cha makumi kinalaza tarakimu moja tu. Tano inabaki, moja inapanda kwenye mamia. Saba inakuwa nane. Mia nane hamsini na nane."

"Aaah!" likasema darasa, ile aah ndefu ambayo mwalimu yeyote angeilipia.

Alikwenda mpaka dawati la dirishani, akalifungua daftari la Mboni, akaukata mkasi wake mwenyewe, akaweka vema na kuandika pembeni: Samahani, Mwl. W. Mayala. Mboni alisoma, akasema "Asante mwalimu" kwa sauti ndogo, akafunga daftari.

Wilhelmina alitegemea mkono ule ungenyooshwa tena siku hiyo. Haukunyooshwa. Aliuliza 67 mara 11, akaona kabisa midomo ya Mboni ikisema mia saba thelathini na saba bila sauti, na mikono imetulia juu ya dawati. Hili lilimuuma kuliko kosa lenyewe. Alijua yeye mwenyewe alikaa na mikono yake juu ya dawati kwa muda gani. Zaidi ya miaka arobaini. Kosa la ubaoni limefutika kwa dasta, lakini hili la mtoto kuogopa kusema anachokijua, akajiambia, lisipofutika sasa nitakuwa nimempa viboko vinne vyangu.

Ukurasa uliofuata wa Jonathan ulihusu namba zinazokaribia mia, mfano 97 mara 96. Wilhelmina aliapa kwamba safari hii hafundishi kitu ambacho hajakielewa. Lakini alipoisoma mbinu, furaha ya Kiswahili ikamzidi nguvu.

"Saa mbili kasoro dakika tano, maana yake nini?" aliwauliza Jumanne.

"Bado dakika tano ifike saa mbili!"

"Basi tisini na saba ni mia kasoro ngapi?"

"Tatu!"

"Na tisini na sita?"

"Mia kasoro nne!"

"Jumlisheni kasoro. Saba. Mia kasoro saba?" "Tisini na tatu!" "Andikeni. Sasa zidisheni kasoro kwa kasoro, tatu mara nne." "Kumi na mbili!" "Iwekeni pembeni yake." Na ubaoni ikasomeka 9312. Aliwaambia waihakiki kwa njia ndefu, na yeye mwenyewe alikuwa ameihakiki mara tatu. Ilikuwa sahihi.

Ndipo Obedi, ambaye tangu Jumatatu alikuwa ameanza kuyasikiliza maneno kwa sikio la pili, akauliza: "Mwalimu, kasoro mara kasoro si ndiyo kasoro zingezidi? Mbona tunaongeza?"

Wilhelmina akafungua mdomo. Neno la zamani lilikuwa tayari ulimini, mbinu ni mbinu. Akalimeza.

"Sijui," alisema. "Nipeni mpaka Alhamisi."

Jumatano baada ya vipindi alikwenda kuchukua joho lake Mkuyuni. Lilimkaa vizuri. Alipapasa pindo, akakigusa kifungo cha akiba kwa ndani, kidogo, kigumu. Kisha, kwa sababu swali la Obedi halikumtoka kichwani, akamweleza Fadhila.

"Mimi hesabu za shule ziliniacha darasa la nne," akasema Fadhila. "Ila kitambaa nakielewa. Hiyo mia mara mia ni nini? Si mita kwa mita? Sentimita mia huku, mia huku."

Fadhila tayari alikuwa amevuta kipande cha bitana kilichobaki, akakinyoosha mezani, akapima kwa utepe wake na kukata mraba wa mita moja kila upande. Mboni, aliyekuwa anashonea vifungo, aliweka sindano chini na kuja kushika ncha.

"Tunataka tisini na saba kwa tisini na sita," akasema Wilhelmina. "Yaani huku tutoe sentimita tatu, na huku nne."

Mkasi ukapita. Kipande cha kwanza kilikatika, upana sentimita tatu, urefu mia kamili. "Mia tatu zimetoka," akasema Wilhelmina. Kisha Fadhila akakigeuza kitambaa, akakata kipande cha pili, upana sentimita nne. "Na mia nne. Jumla mia saba. Elfu kumi toa mia saba, elfu tisa mia tatu. Lakini jibu ni elfu tisa mia tatu na kumi na mbili. Hizo kumi na mbili zinatoka wapi?"

"Subiri, mwalimu," akasema Fadhila. Alikuwa ameweka utepe juu ya kipande cha pili. "Hiki siyo mia. Hiki ni tisini na saba. Kimekuja kifupi."

"Kwa nini kifupi?"

Hapo Mboni, bila kusema neno, alichukua mkasi mdogo, akaokota kile kipande cha kwanza, akapima sentimita nne kutoka ncha yake na kukata. Akashika mkono wa Wilhelmina, akaugeuza kiganja juu, na kuweka humo kipande kidogo cha bitana, sentimita tatu kwa nne.

Wilhelmina akakitazama. Ile pembe. Ilishaondoka na kipande cha kwanza, na yeye akaitoa tena kwenye hesabu ya kipande cha pili. Alikuwa ameikata mara mbili kwa mdomo, wakati mkasi uliikata mara moja. Tatu mara nne. Kumi na mbili. Lazima azirudishe.

"Nimetoa zaidi ya nilichokata," alisema.

Mboni akatikisa kichwa kukubali. Karibu atabasamu. Wilhelmina alitamani kumkumbatia, akajizuia, akakunja kile kipande ndani ya leso yake. Alimshukuru Mama Mboni, akaenda zake na joho begani.

Alhamisi kitambaa kilibandikwa ubaoni kwa pini, vipande viwili pembeni yake, na ile pembe ndogo mkononi mwa mwalimu. Aliwaeleza yote. Alitaja jina la aliyeikata ile pembe, na shingo sabini na nane zikageukia dirishani. Obedi alikuja mbele, akaishika pembe ile mwenyewe, akaiweka mahali pake, akairudisha. "Kwa hiyo hatuongezi kasoro," alisema. "Tunarudisha tulichotoa mara mbili." Wilhelmina alisema angempa cheo cha ualimu siku hiyohiyo kama angekuwa nacho.

Alikuwa na furaha, na furaha ikamtia haraka. "Mwingine!" akasema. "98 mara 97! Kasoro mbili na kasoro tatu ni ngapi?"

"Tano!"

"Mia kasoro tano?"

"Tisini na tano!"

"Mbili mara tatu?"

"Sita!"

Akaandika 95, akaweka 6 pembeni yake. 956. "Nakilini!" Na kalamu sabini na tisa zikainama. Au tuseme sabini na nane.

Alipogeuka kutoka ubaoni aliuona mkono. Ulikuwa umeinuka nusu tu, kiwiko bado kimegusa dawati.

"Mboni."

Mboni akasimama. Darasa zima liligeuka.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Umekosea."

Obedi aliinamisha kichwa kama anayengoja kofi limpate mwenzake.

"Nimekosea wapi, Mboni? Sema, nakusikiliza."

"Kitambaa chote ni elfu kumi," akasema Mboni, sauti ikianza chini na kupanda. "Tumekata vipande vyembamba tu pembeni. Hakiwezi kubaki mia tisa hamsini na sita, kingekuwa kimeisha chote. Ile tisini na tano ni mamia, mwalimu. Ni elfu tisa mia tano. Ukirudisha pembe ya sita, ni elfu tisa mia tano na sita. Sita ni mamoja. Makumi hayana kitu, inabidi yakaliwe na sifuri, la sivyo tisini na tano inateremka chumba kisicho chake."

Wilhelmina aliutazama ubao. 956. Lilikuwa kosa la kweli kweli, wala hakulipanga. Tangu utotoni, kukosea namba mbele za watu ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote, na sasa kilikuwa kimetokea mara ya pili ndani ya wiki mbili, mbele ya macho ya watoto sabini na tisa. Akangoja aibu ije. Kilichokuja ni raha tupu, raha ya kumsikia mtoto yule akiongea sentensi nane mfululizo bila kukatizwa.

"Njoo," akasema, na kumnyooshea chaki nyekundu. "Weka mkasi."

Mboni alikuja mbele. Aliitazama chaki, akamtazama mwalimu, akaona hatanii. Akaweka mkasi juu ya 956, mkubwa, unaolingana kabisa na ule aliowahi kuwekewa.

"Mimi chini ya wako niliandika 'Fuata mbinu'," akasema Wilhelmina. "Wewe chini ya wangu utaandika nini?"

Mboni akafikiri. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo: Sifuri ya makumi iko wapi?

Darasa lilipasuka kwa kicheko, na safari hii aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mwalimu. Alifuta machozi kwa leso, ile pembe ya bitana ikadondoka, akaiokota. Kisha akachukua chaki nyeupe, akaandika neno Masahihisho kama anavyowalazimisha wao kuandika kila siku, na chini yake, kwa uangalifu wa mtoto wa darasa la tano kule Magu, 98 mara 97 ni 9506.

Akasogea pembeni, mikono nyuma, akangoja. Mboni aliisoma namba yote kuanzia mwanzo, tarakimu kwa tarakimu, hakuharakishwa na mtu. Akaweka vema.